Stenti, dawa mbili na tarehe ambayo haikuandikwa

Mtu aliyewekewa stenti kwenye mshipa wa moyo hurudi nyumbani na dawa mbili za kuzuia damu isigande ndani ya stenti, kwa kawaida aspirini na klopidogreli, ambazo hazimwondolei maumivu yoyote anayoyasikia. Akizimeza hajisikii tofauti. Akiziacha leo, kesho pia hajisikii tofauti. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kati ya siku aliyoacha na siku mshipa unapoziba huwa kuna siku kadhaa za utulivu, na katika siku hizo kila mtu huamini kwamba hakuna kilichoharibika.

Mjadala wetu kuhusu dawa hizi umekuwa wa hesabu ya miezi: ni sita, ni kumi na miwili, au mwaka na nusu? Swali hilo lina majibu na nitayaeleza. Ila naona limefunika jambo kubwa zaidi. Kuacha dawa moja katika tarehe iliyopangwa, huku nyingine ikiendelea, ni jambo moja. Kuacha zote mbili kwa sababu ya jino, pesa au ushauri wa jirani ni jambo jingine kabisa. Kwa lugha ya kawaida yote mawili tunayaita "kaacha dawa", na mgonjwa hana namna ya kuyatofautisha.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mshipa. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma kinachopitishwa kikiwa kimebanwa juu ya puto dogo, kisha puto linajazwa, wavu unatanuka na kuusukuma utando wa mafuta kwenye ukuta wa mshipa. Damu sasa inapita vizuri, lakini mshipa umejeruhiwa kwa ndani, na vijiti vya chuma viko wazi mbele ya damu. Chembe sahani, zile chembe ndogo ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hazijui kwamba jeraha hili tumelifanya kwa makusudi. Zinalishughulikia kama jeraha lolote: zinanata, zinaitana, zinafanya bonge. Bonge hilo likikua ndani ya stenti, mshipa unaziba papo hapo, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo inaanza kufa.

Mwili una dawa yake wenyewe, nayo ni ngozi laini ya ndani ya mshipa, ambayo huota taratibu na kuufunika wavu. Kwa stenti za zamani za chuma kitupu, sehemu kubwa ya kazi hiyo ilichukua takriban mwezi mmoja. Stenti za kizazi kilichofuata zilipakwa dawa ya kuzuia kovu lisikue na kuuziba mshipa upya. Dawa hiyo ilizuia kovu, lakini ilichelewesha na ngozi. Kwa hiyo chuma kilibaki wazi muda mrefu zaidi.

Aspirini na klopidogreli zinaziba pengo hilo la muda. Aspirini inakata njia moja ambayo chembe sahani huitumia kuitana. Klopidogreli, pamoja na ndugu zake prasugreli na tikagrelo, inakata nyingine. Si dawa moja yenye nguvu na nyingine ya kuongezea, na ndiyo maana kuongeza aspirini mara mbili hakufidii klopidogreli iliyokwisha.

Kwamba zinahitajika zote mbili hakukujulikana tangu mwanzo. Stenti za kwanza za moyo ziliwekwa kwa binadamu mwaka 1986, katika miji ya Toulouse na Lausanne, na kwa miaka mingi madaktari walipambana na mabonge kwa kutumia warfarini na heparini. Wagonjwa walivuja damu na stenti bado ziliziba. Utafiti wa Marekani uitwao STARS, uliochapishwa mwaka 1998, uliwagawa wagonjwa makundi matatu. Ndani ya siku 30, matatizo makubwa yaliwapata asilimia 3.6 ya waliopewa aspirini peke yake, asilimia 2.7 ya waliopewa aspirini na warfarini, na asilimia 0.5 ya waliopewa aspirini na tiklopidini, dawa iliyotangulia klopidogreli. Toka hapo jibu likawa wazi: adui wa stenti mpya ni chembe sahani. Matokeo hayo ya zamani yana maana hadi leo, kwa sababu bado kuna wanaodhani sindano za heparini zinaweza kushika nafasi ya klopidogreli mgonjwa anapopelekwa kufanyiwa upasuaji. Haziwezi. Zinapambana na sehemu nyingine ya mfumo wa kuganda kwa damu.

Sasa tuje kwenye kuacha mapema. Mwaka 2005 madaktari wa Italia na Ujerumani walichapisha taarifa za wagonjwa 2,229 waliowekewa stenti zenye dawa. Katika miezi tisa, stenti za wagonjwa 29 ziliziba kwa bonge. Ni wachache, kama asilimia 1.3. Lakini kati ya hao 29, walikufa 13. Na miongoni mwa mambo yote yaliyochunguzwa, kisukari, figo, umbo la mshipa na mengine, lililotangulia kwa mbali ni kuacha dawa kabla ya wakati.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2006, unanigusa zaidi. Uliwafuatilia wagonjwa 500 waliopata mshtuko wa moyo na kuwekewa stenti yenye dawa. Ndani ya siku 30 tu, asilimia 13.6 walikuwa wameacha klopidogreli au dawa ya jamii yake. Katika miezi kumi na mmoja iliyofuata, walioacha walikufa kwa asilimia 7.5, walioendelea kwa asilimia 0.7. Msomaji makini atasema, na atakuwa na haki, kwamba walioacha huenda walikuwa wagonjwa zaidi tangu awali. Kweli, walikuwa wazee zaidi, na wengi zaidi kati yao walikuwa na upungufu wa damu. Tofauti yote hiyo haiwezi kubebeshwa kidonge kimoja. Lakini angalia sifa nyingine za walioacha: walikuwa na elimu ndogo zaidi, walikuwa na mazoea ya kukwepa hospitali kwa sababu ya gharama, na wengi zaidi wao hawakuwa wamepewa maelekezo kuhusu dawa siku ya kuruhusiwa. Wasifu huo si wa Marekani peke yake.

Nichukue mgonjwa wa kufikirika, niliyemuunda kutokana na mambo ya kawaida. Mwalimu mstaafu, miaka 61, anaishi mji wa mkoani, saa sita kwa gari kutoka Dar es Salaam. Alipata mshtuko wa moyo, akapelekwa Dar, akawekewa stenti moja ya kisasa kwenye mshipa mkubwa wa mbele. Akaruhusiwa na aspirini miligramu 75 na klopidogreli miligramu 75, kila moja mara moja kwa siku, pamoja na dawa ya lehemu na ya shinikizo. Karatasi yake imeandikwa "aendelee na dawa". Hakuna neno kuhusu muda.

Wiki ya sita, gego linamuuma. Kwenye kliniki ya meno anaulizwa kama anatumia "dawa za kulainisha damu". Anasema ndiyo. Anaambiwa aziache siku saba ndipo arudi. Mwenye kumwambia hivyo si mzembe. Anaogopa damu isiyokatika, nayo ataiona kwa macho yake. Moyo utakaoziba hatauona.

Aspirini na klopidogreli huziharibu chembe sahani moja kwa moja. Chembe iliyoguswa haiponi hadi ife. Lakini chembe sahani huishi siku saba hadi kumi, na mwili hutengeneza nyingine kila siku, kama moja ya kumi. Kwa hiyo siku ya pili mwalimu bado ana kinga kubwa. Siku ya tano karibu nusu ya chembe zake ni mpya, hazijaguswa na dawa. Siku ya saba nyingi ni mpya. Siku hiyo hiyo jino linang'olewa, na jeraha lenyewe linaushtua mwili uongeze uwezo wake wa kugandisha damu. Yaani kinga imefika chini kabisa wakati ule ule ambapo mwili unaganda kwa kasi zaidi, na stenti ina wiki saba tu.

Anarudi nyumbani na dawa ya maumivu. Hakuna aliyemwandikia siku ya kuanza tena. Anasubiri kidonda kipone. Siku mbili baadaye, alfajiri, kifua kinabana, jasho la baridi linamtoka, maumivu yanapanda hadi taya, na familia inadhani ni jino. Hilo la taya si dogo. Limepoteza saa nyingi katika nyumba nyingi. Hospitali ya mkoa kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha ukuta wote wa mbele unaumia. Tiba inayofaa ni kurudishwa kwenye maabara ya katheta, kule alikowekewa stenti, na kufunguliwa mshipa ndani ya saa mbili hivi. Yeye yuko mbali kwa saa sita. Kuna dawa ya kuyeyusha bonge kama streptokinasi, ikiwapo, lakini kwa bonge lililojaa chembe sahani ndani ya stenti haifanyi kazi vizuri kama inavyofanya kwenye mshtuko wa kawaida. Hata akipona, sehemu ya moyo imekwenda.

Je, jino lingefanyiwa nini? Hapa ndipo ninapoona uchungu, kwa maana jibu halihitaji mtambo wowote. Vyama vya Marekani vya moyo na vya meno vilikwisha kutoa tamko la pamoja mwaka 2007 kwamba kung'oa jino si sababu ya kuacha dawa hizi. Jino linang'olewa mgonjwa akiwa anazimeza zote mbili. Damu itatoka kwa muda mrefu kidogo, lakini iko mahali ambapo kidole kinafika. Anaitwa asubuhi, mwanzoni mwa wiki, ili damu ikigoma kukatika usiku asikute mlango umefungwa. Linang'olewa moja au mawili kwa mara moja, si matano. Anachomwa ganzi yenye adrenalini kwa kipimo cha kiasi, shimo linajazwa sponji ya jelatini, linashonwa, na mgonjwa anang'ata shashi kwa nguvu nusu saa bila kuifungua kuchungulia. Kusukutua kwa maji ya tranexamiki, dawa ya kukata damu, kunasaidia. Kwa maumivu ni parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki ziepukwe: zinazidisha kuvuja damu tumboni, na ibuprofeni hasa huweza kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Kama shughuli inaweza kusubiri, isubiri.

Upasuaji mkubwa ni habari nyingine. Ngiri isiyobana, goti la kubadilishwa: hivi vina uwezo wa kungoja, na miongozo ya Ulaya hupendelea vingoje miezi sita baada ya stenti iliyowekwa kwa mpango, na mwaka baada ya mshtuko wa moyo. Saratani haingoji hivyo. Hapo daktari wa moyo, mpasuaji na daktari wa usingizi wanakaa pamoja, wanajaribu kuvuka angalau mwezi wa kwanza, na mara nyingi wanaiacha aspirini iendelee huku klopidogreli ikisimamishwa siku tano kabla na kurudishwa mapema baada ya kisu. Zingatia kwamba hata katika ulazima huu, kwa kawaida inasimama moja.

Tuje sasa kwenye miezi. Ile hofu ya miaka ya 2005 na 2006 ilisukuma kila mtu kwenye mwaka mzima, na wengine wakaenda mbali zaidi. Utafiti mkubwa uitwao DAPT, wa mwaka 2014, uliwachukua karibu wagonjwa elfu kumi waliomaliza mwaka mmoja salama na kulinganisha kusimama hapo dhidi ya kuendelea hadi miezi 30. Walioendelea walipata mabonge ya stenti machache, asilimia 0.4 dhidi ya 1.4. Walivuja damu zaidi, asilimia 2.5 dhidi ya 1.6. Vifo havikupungua; vilielekea hata kuwa vingi kidogo upande wa walioendelea. Hapo ikaonekana kwamba kila mwezi unaoongezwa una bei yake.

Stenti nazo zikabadilika: vijiti vyembamba zaidi, mipako inayoupa mshipa nafuu ya kupona. Leo miongozo kwa ujumla husema miezi sita kwa aliyewekewa stenti kwa maumivu ya muda mrefu yasiyo ya dharura, na mwaka kwa aliyepata mshtuko wa moyo. Kwa aliye karibu na hatari ya kuvuja, mzee wa zaidi ya miaka 75, mwenye hemoglobini chini ya 11, mwenye figo mbovu sana, au anayelazimika kutumia warfarini, muda hushushwa hadi miezi mitatu au hata mmoja. Utafiti wa MASTER DAPT wa mwaka 2021 uliwachukua watu wa namna hiyo zaidi ya 4,000, ukawaondolea nusu yao dawa moja baada ya mwezi mmoja na kuwalinganisha na walioendelea na zote mbili. Mshtuko, kiharusi na vifo havikuzidi kwa kiasi cha kutia shaka, na kuvuja damu kulipungua kutoka asilimia 9.4 hadi 6.5.

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa mwezi mmoja unatosha kwa mzee dhaifu, kwa nini wiki saba za mwalimu wetu hazikutosha? Kwanza, yeye alitoka kwenye mshtuko na hakuwa na sababu ya kufupishiwa. Lakini jibu zito ni kwamba wale wa utafiti hawakuachishwa dawa zote. Walibaki na moja, kila siku, na aliyeamua alikuwa ameiona stenti yao na kujua imekaaje. Uchunguzi uitwao PARIS, uliochapishwa mwaka 2013 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 5,000, ulizitenganisha namna hizi za kuacha. Waliosimamishwa na daktari kwa kuona muda umetosha hawakuwa na hatari zaidi ya walioendelea. Waliokatiza kwa kuvuja damu au kwa kutozimeza tu walikuwa na hatari mara moja na nusu, na ndani ya siku saba za kwanza za kukatiza hatari hiyo ilifika mara saba. Wale waliosimamishwa kwa mpango walikuwa wenye nafuu tangu mwanzo, hilo lazima likubaliwe. Hata hivyo, siku saba zile zinafanana mno na saa ya chembe sahani niliyoieleza kwa mwalimu.

Kuna kuvuja damu kwingine ambako hakustahili kuitwa dharura lakini ndiko kunakowaachisha watu wengi: ufizi ukipigwa mswaki, mkwaruzo wa wembe usiokatika haraka, madoadoa ya bluu mkononi. Hayo ni alama kwamba dawa ziko kazini. Kinyesi cheusi kinachonata na kunuka, kutapika damu, kichwa kinachouma ghafla kuliko siku zote: hayo ni ya kukimbilia hospitali, na dawa inasimamishwa huko huko, na wenye kupima hemoglobini. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo apewe dawa ya kulinda tumbo tangu siku ya kwanza; kama anatumia klopidogreli, pantoprazoli ni bora kuliko omeprazoli, ambayo hupunguza kazi ya klopidogreli ndani ya ini. Anayetumia tikagrelo anaweza kuhisi pumzi kumpungua bila ugonjwa mpya wa moyo au mapafu. Aseme abadilishiwe, asiache. Na Ramadhani si kikwazo: klopidogreli na aspirini humezwa baada ya futari, tikagrelo ya mara mbili hugawanywa futari na daku.

Pesa inabaki. Aspirini karibu kila mtu anaimudu. Klopidogreli ya kopi inamudika kwa wengi, ingawa si kwa kila mwezi wa mwaka. Tikagrelo huwashinda wengi, hasa wanaorudi kutoka India na dawa za miezi miwili kwenye mkoba na kugundua dukani kwamba zimekuwa ghali au hazipo. Kwa mtu huyo, kuhamishiwa klopidogreli, kwa dozi ya kuanzia anayopanga daktari, ni bora mara nyingi kuliko kusubiri mshahara. Lakini swali hili lilipaswa kuulizwa kabla ya puto kujazwa. Utamudu dawa hizi kwa miezi mingapi? Una upasuaji wowote unaosubiri? Una jino bovu? Mgonjwa asiye wa dharura anayejibu kwamba hamudu anaweza kutibiwa kwa vidonge, au kupangiwa muda mfupi tangu mwanzo, au kufikiriwa upasuaji wa kuunganisha mishipa. Kumwekea stenti na kumwandikia mwaka ambao kila mtu chumbani anajua hautafika ni kumpangia kukatiza.

Ndiyo maana ninachokidai ni kitu cha bei ya karatasi. Karatasi ya kuruhusiwa iwe na tarehe ya stenti na mshipa ilimowekwa, tarehe ambayo dawa mojawapo itasimama, jina la ile itakayobaki, na simu ya kuuliza kabla mtu yeyote, daktari wa meno akiwemo, hajaisimamisha. Jina la itakayobaki liandikwe waziwazi, kwa kuwa si lazima iwe aspirini. Kuna wanaoachishwa aspirini baada ya miezi mitatu na kubaki na tikagrelo, na utafiti wa Korea wa mwaka 2021, HOST-EXAM, uliona kwamba kwa waliomaliza kipindi cha dawa mbili, kubaki na klopidogreli kulikuwa bora kuliko kubaki na aspirini. Mgonjwa akiambiwa tu "mwaka ukiisha acha moja", ataacha ile iliyo ghali.